Chai Si Chai: Acheni Kuandika Kifungu cha Ufafanuzi kama Pambo

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na kuna walioniandikia wakiuliza kama umeme wa Nyacheki umenikatikia jumla. Hapana, umeme upo, ingawa huja na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Kilichoninyamazisha ni ugomvi wa pesa, na leo nataka kuugeuza somo kabla hasira haijapoa.

Wengi wenu mnaandika programu au mnataka kuandika, na siku moja mtaandika mkataba wa kwanza. Mtafanya nilichofanya mimi: mtapekua mtandao, mtapata mkataba wa mtu mwingine, mtabadilisha majina na tarehe, na mtafika kwenye ukurasa wa kwanza wenye kichwa "Ufafanuzi". Hapo mtaona orodha ya maneno yenye herufi kubwa. Mtaipitia haraka, maana yanayowakera moyo yako mbele: bei, muda, nani anamiliki nini. Nasema hivi, na atakayebisha abishe: ukurasa huo ndio wenye pesa, na wengi wetu tunauandika vibaya kwa sababu tunaudhani ni mapambo ya mawakili.

Kisa chenyewe ni hiki. Huku kwetu Bobasi milima ni ya kijani kwa sababu ya migomba na michai. Mnunuzi mmoja wa majani ya chai, ambaye sitamtaja, aliniomba nimtengenezee mfumo wa kunakili uzito. Karani anapima magunia ya mkulima kituoni, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata ujumbe mfupi, na jioni hesabu yote iko ofisini. Mnunuzi hupeleka majani hayo kusindikwa, kisha chai iliyo tayari huenda mnadani Mombasa. Alitaka na hiyo ionekane kwenye ripoti ya kila mwezi. Hakuwa na pesa nyingi za kuanzia, kwa hiyo tukakubaliana anilipe kidogo kidogo kwa kila kilo. Mkataba nikauandika mimi mwenyewe. Vifungu vilivyoniumiza ni hivi vinne:

1.1 "Chai" maana yake ni zao la chai linalokusanywa na Mteja.

4.2 Karani atapima Chai katika kila kituo na kuinakili kwenye Mfumo.

6.1 Mteja atamlipa Mtengenezaji senti 20 kwa kila kilo ya Chai iliyonakiliwa kwenye Mfumo.

9.3 Mfumo utanakili kilo za Chai zilizouzwa mnadani Mombasa pamoja na bei yake.

Isome tena polepole. Umeona? Mimi sikuona kwa miezi sita. Katika 4.2 Chai ni majani mabichi yenye umande. Katika 9.3 Chai ni ile nyeusi iliyokauka, iliyofungwa kwenye mifuko ya kiwanda. Na 6.1, kifungu kinacholipa kodi ya nyumba yangu, kinasema tu "Chai iliyonakiliwa kwenye Mfumo". Zote mbili zilinakiliwa!

Kila mkulima anajua kwamba majani mabichi si chai ya dukani. Kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na kilo kati ya 4 na 5 za majani mabichi, maana sehemu kubwa ya jani ni maji. Katika miezi sita vituo vya mteja wangu vilipima kilo 900,000 za majani. Kwa senti 20, mimi nikahesabu shilingi 180,000. Yeye akafungua ripoti ya mnada, ile niliyomtengenezea kwa mikono yangu, akaona kilo 200,000, akaniandikia hundi ya shilingi 40,000. Tofauti ni shilingi 140,000, na yote imo ndani ya neno moja la herufi nne.

Nilikwenda kwake nikiwa nimewaka moto. Akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, kwani wewe mwenyewe si ndiye uliyeandika? Chai ni chai." Na hakuwa akinidhulumu kwa makusudi, ndilo jambo lililonichoma zaidi. Yeye huuza chai iliyosindikwa, na kwake chai ni ile inayoleta pesa kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa naandika programu ya mizani, na kwangu chai ni ile iliyo kwenye gunia. Kila mmoja alisoma mkataba uleule na kukuta maana yake humo ndani.

Sasa wewe mwanaprogramu, niambie: ungeandika programu ambamo kigeu kimoja kinabeba uzito wa majani kwenye mstari wa 40, halafu uzito wa chai kavu kwenye mstari wa 90, kisha malipo yakihesabiwa kwenye mstari wa 60 hakuna ajuaye kimebeba nini? Ungemcheka aliyeandika hivyo. Mbona basi kwenye mkataba, ambao hauna kompaila ya kukupigia kelele, tunafanya hivyohivyo na kuona tumeandika?

Kanuni ni mbili tu na ni ndugu. Ya kwanza: ukishalipa jambo jina, liite kwa jina hilo kila mahali, bila kubadilisha. Ya pili, ambayo wengi huisahau: jina hilo lisitumike kwa jambo lingine lolote, popote. Mkataba wangu ulivunja zote mbili.

Tuanze na ile ya kwanza, maana naijua asili ya kosa. Asili yake ni darasani. Sisi tuliopitia mitihani ya KCPE kabla haijafutwa mwaka 2023 tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno. Ukiandika "majani" mara tatu, mwalimu anapiga mstari mwekundu. Basi ukajifunza kuzungusha: majani, mazao, zao, bidhaa, mali ya mkulima. Hiyo ni insha. Kwenye mkataba, msomaji makini akiona neno limebadilika anadhani maana nayo imebadilika, na ana haki kudhani hivyo. Kifungu changu cha 7 kilisema kwamba sitawajibika kwa "upotevu wa mazao". Mazao ni yapi hayo? Ni Chai ya 1.1? Ni data ya uzito? Ni ndizi za mkulima zilizokanyagwa na lori? Mimi nilitaka kuepuka kurudia neno tu. Mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa alama; wakili wa upande wa pili angenipa kichapo.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake ambao hautajwi katika mikataba mnayonakili kutoka ng'ambo. Tazama sentensi hii: "Mteja atatoa malipo ya Majani yaliyothibitishwa na karani." Nini kilichothibitishwa, malipo au majani? Yote mawili ni ya ngeli moja, kwa hiyo "yaliyothibitishwa" linawafaa wote wawili. Kwenye mazungumzo tunaelewana. Kwenye mkataba mmoja atasema hakulipa kwa sababu karani hakuthibitisha malipo. Dawa ni kurudia jina bila haya: "Karani akithibitisha uzito wa Majani, Mteja atalipa." Ni sentensi isiyo na urembo, lakini haina mlango wa nyuma.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonila shilingi zangu. Watu hudhani kwamba herufi kubwa inatosha: Chai yenye C kubwa ni ile iliyofafanuliwa, na chai yenye c ndogo ni ya kawaida. Kwenye karatasi inaweza kusaidia. Lakini mikataba yetu mingi husomwa kwa sauti, kwenye baraza au chini ya mti nje ya kituo, mmoja akisoma na ishirini wakisikiliza. Nani amewahi kuisikia herufi kubwa? Chagua jina ambalo hata kipofu hawezi kulichanganya na neno la kila siku. Neno "chai" peke yake halifai hata kidogo. Kwetu Kenya chai ni mmea, ni jani, ni bidhaa ya kiwanda, ni kikombe unachokaribishwa nacho, na ni kile kitu ambacho askari wa barabarani huomba kwa macho. Mimi nikalichukua neno lenye maana tano nikalipa kazi ya kupima mshahara wangu!

Kuna watakaoniambia, "Usijali, mahakama itaelewa mliyokusudia." Huenda ikaelewa. Lakini tazameni kisa cha kuku. Mwaka 1957 kampuni ya Uswisi ilinunua kuku waliogandishwa kutoka kwa muuzaji wa New York. Mkataba ulitaja uzito na bei na ukasema "kuku" tu. Mnunuzi alitaka kuku wachanga wa kuchoma na kukaanga. Mzigo wa kwanza ulipofika akakuta wengi ni kuku wakubwa wa kuchemsha. Wakashtakiana, kesi ikijulikana kwa jina la Frigaliment, na mwaka 1960 Jaji Henry Friendly akalazimika kuanza kwa kuuliza kuku ni nini. Ushahidi ukaletwa wa kamusi, wa wafanyabiashara, wa kanuni za serikali, na wa simu za maandishi walizotumiana. Mwishowe mnunuzi akashindwa, kwa sababu alishindwa kuthibitisha kwamba neno lilikuwa na ile maana finyu aliyoitaka. Mstari mmoja kwenye kifungu cha ufafanuzi ungemtosha.

Na msidhani hapa kwetu ni tofauti. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 2001, katika kesi ya Benki ya Taifa ya Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit, kwamba si kazi ya mahakama kuwaandikia upya wahusika mkataba wao. Uliloandika ndilo lako, isipokuwa kuwe na udanganyifu au shuruti. Tena kuna kanuni ya zamani ya sheria kwamba pale maneno yanapobeba maana mbili na njia nyingine za kuyatafsiri zimeshindwa, maana inayomuumiza aliyeyaandika ndiyo inayopewa nafasi. Nani aliandika mkataba wangu? Mimi. Wakili niliyemwona mjini Kisii alicheka kwanza, akasema, "Ndugu yangu, ukienda mahakamani unakwenda kujishtaki." Tukakaa na mteja, tukanywa chai (ya maana ya nne), tukamalizana kwa shilingi 85,000. Nilipoteza zaidi ya nusu ya nilichodai.

Haya, tuache machozi, tuone namna ya kulitafuta kosa kabla halijakutafuta. Hifadhi mkataba kama faili ya maandishi matupu, kisha pitia kila neno lililofafanuliwa kwa amri hii:

```
grep -n -i -w 'chai' mkataba.txt
```

Itakuonyesha kila mstari wenye neno hilo, kwa herufi kubwa au ndogo, pamoja na namba ya mstari. Palipo na c ndogo jiulize: nilikusudia maana ya 1.1? Kama ndiyo, rekebisha herufi. Kama siyo, tafuta neno lingine kabisa. Lakini kumbuka kwamba maneno yetu hubadilika mwanzoni na kuongezeka mwishoni. Ukitafuta "kituo" kwa amri ile ya juu hutaona "vituo" wala "kituoni". Kwa hiyo andika hivi, bila -w:

```
grep -n -i -E '(ki|vi)tuo' mkataba.txt
```

Ya tatu inaorodhesha maneno yote yanayoanza kwa herufi kubwa na idadi yake:

```
grep -o -w -E '[A-Z][a-z]+' mkataba.txt | sort | uniq -c | sort -n
```

Utapata na maneno ya mwanzo wa sentensi, yapuuze. Angalia yale yenye 1 na 2. Neno lililofafanuliwa na kuonekana mara moja tu ni neno ambalo halikutumika, lifute. Likionekana mara mbili, mara nyingi halihitaji ufafanuzi, eleza maana palepale linapotumika. Na neno lenye herufi kubwa ambalo halimo kwenye kifungu cha ufafanuzi ni kigeu ambacho hakijatangazwa. Kwenye mkataba wangu lilikuwa "Karani": lilitumika mara tisa, halikufafanuliwa hata mara moja. Karani wa nani, na anayelipwa na nani?

Lakini amri hizi haziwezi kulijua kosa langu kubwa. Katika 9.3 niliandika Chai kwa C kubwa, sawasawa kabisa machoni pa kompyuta. Kwa kosa kama hilo kuna jaribio moja tu, nalo ni la mkono: kila unapokutana na neno lililofafanuliwa, liondoe, weka ufafanuzi wake mzima mahali pake, usome kwa sauti. Kama ningelifafanua vizuri, 9.3 ingesomeka hivi: "Mfumo utanakili kilo za majani mabichi yaliyopimwa kituoni zilizouzwa mnadani Mombasa." Hapo hata mtoto angecheka, maana hakuna auzaye majani mabichi mnadani. Kicheko hicho kingeniokolea shilingi 95,000. Tena jaribio lingenionyesha kwamba ufafanuzi wangu wa 1.1 ulikuwa hewa: kusema Chai ni "zao la chai" ni kusema kitu ni kitu.

Hivi ndivyo ninavyoandika sasa:

"Kituo" maana yake ni mahali palipoorodheshwa katika Jedwali la 1.

"Majani Mabichi" maana yake ni majani ya mchai yaliyochumwa, kabla hayajakaushwa wala kusindikwa kwa namna yoyote.

"Chai Kavu" maana yake ni bidhaa inayotoka kiwandani baada ya Majani Mabichi kusindikwa.

Na kifungu cha malipo: "Mteja atamlipa Mtengenezaji senti 20 kwa kila kilo ya Majani Mabichi iliyopimwa katika Kituo." Neno "chai" peke yake halimo tena popote kwenye mkataba, si kwa herufi kubwa wala ndogo. Angalieni pia kwamba sikuandika kwenye ufafanuzi kwamba uzito wa gunia utaondolewa. Hiyo ni kanuni ya kupima, na mahali pake ni kifungu cha 4. Ukificha wajibu ndani ya ufafanuzi, anayetafuta kanuni ya gunia hataiona, na kila mara neno linapotumika utakuwa umeuburuta wajibu huo nyuma yake hadi mahali ambapo hukuukusudia.

La mwisho, kuna kishazi kinachopendwa sana: "isipokuwa pale muktadha unapohitaji vinginevyo". Mtaniambia kwamba hata Katiba ya 2010, Kifungu cha 260, kinaanza kwa maneno ya namna hiyo. Ni kweli. Katiba ina vifungu zaidi ya 260 na inatakiwa kuishi vizazi vingi. Mkataba wako una kurasa sita na unaishi miaka miwili. Ukikiweka kishazi hicho, umempa kila mtu ruhusa ya kusema kwamba kwenye kifungu kinachomuumiza muktadha ulihitaji vinginevyo. Ni sawa na mwanaprogramu anayezima ujumbe wote wa makosa ili programu ionekane inafanya kazi. Kiondoe, kisha soma upya. Pale ambapo neno linakataa kukaa bila kishazi hicho, hapo ndipo unapohitaji neno la pili.

Najua kuna mawakili wanaosoma hapa, na watasema huyu mwandishi wa programu ameingilia kazi za watu. Sawa, lakini nimewaonyesha mikataba miwili iliyoandikwa na wenye shahada baada ya kisa changu, na yote miwili ilikuwa na neno moja likifanya kazi mbili. Anayebisha achukue mkataba wake wa mwisho, aupitishe kwenye zile amri tatu, kisha aandike hapa chini alichokuta. Mimi narudi kwenye mizani. Mkataba mpya na mteja uleule tumetia saini juma lililopita, na safari hii alipousikia ukisomwa, mzee alinyanyua mkono na kuuliza, "Majani Mabichi ni yale ya kwenye gunia, sivyo?" Ndiyo, mzee wangu. Ni yale ya kwenye gunia.